Ruta Haifunguki? Uliza Kifaa Chako Namba ya Lango

Intaneti imekata. Umempigia fundi, naye anataka uingie kwenye ruta umwambie inasomaje. Unaandika 192.168.1.1 kama ulivyosikia kwa wengine, ukurasa unazunguka weee, haufunguki. Huenda ruta haina kosa lolote. Umebisha hodi nyumba siyo. Ziko ruta zinazotumia 192.168.0.1, nyingine 192.168.8.1, na mwenye ruta anaweza kuibadilisha namba hiyo apendavyo.

Usikisie, maana kifaa chako kinaijua. Kwenye kompyuta ya Windows fungua Command Prompt, uandike:

```
ipconfig
```

Tafuta mstari wa `Default Gateway` kwenye sehemu ya waifai. Kwenye simu, fungua maelezo ya waifai uliyojiunga nayo. Namba hiyo huandikwa `Gateway`, au `Router` kwa wenye aifoni. Ukiona mstari huo mtupu, na anwani ya kompyuta yenyewe inaanza na 169.254, basi ruta haijakupa anwani. Zima waifai uwashe tena, au unganisha kwa waya.

Namba ukishaipata, iandike kwenye kivinjari ukitanguliza `http://`, la sivyo kivinjari huenda kikaifanya neno la kutafuta. Wenye simu wazime data kwanza. Simu nyingi zikiona waifai haina intaneti huhamia kwenye bando kimyakimya, na huko ruta yako haifikiki. Zima na VPN kama unayo.

Ukurasa ukifunguka utaulizwa jina na nenosiri. Hili si lazima liwe lile la waifai. Tazama stika iliyo chini ya ruta. Likikataa, usikimbilie kubonyeza kitundu cha `Reset`: kinafuta kila kitu, pamoja na mipangilio aliyoweka fundi, na hapo intaneti iliyokuwa na hitilafu ndogo haitarudi mpaka aje mwenyewe.

Ndani, nenda sehemu ya `Status` uangalie anwani ya `WAN`, yaani ile ruta inayopewa kutoka nje. Ikisoma 0.0.0.0, ruta haijapata kitu kutoka nje, hata kama waifai imejaa vizuri.

Chukua nyumba yenye kisanduku cha faiba sebuleni na ruta ya pili chumbani. Lango linasoma 192.168.0.1, ukiingia, `WAN` inasoma 192.168.100.5. Maana yake ruta ya chumbani inapokea anwani vizuri kutoka kwenye kisanduku. Soma `Default Gateway` iliyo hapo hapo chini ya `WAN`. Tuseme ni 192.168.100.1. Iandike kwenye kivinjari, uingie kwenye kisanduku chenyewe. Kama huko nako `WAN` inasoma 0.0.0.0, acha kuhangaika na ruta ya chumbani. Mpe fundi namba hiyo, na umwambie pia kama taa ya `LOS` inawaka nyekundu, kwani hiyo ni dalili kwamba mwanga wa faiba haufiki kwenye kisanduku.