Waya mwembamba unavyoinyima betri ya sola chaji

NYUMBA iliyozungukwa na mikaratusi haipati jua la kutosha juu ya paa lake. Katika Kuresoi, Kaunti ya Nakuru, ambako mawingu na ukungu wa nyanda za Mau hupunguza zaidi saa za jua, mwenye nyumba kama hiyo hulazimika kuihamishia paneli mahali penye uwazi, labda juu ya ghala, kisha akaunga waya ufike kwenye betri iliyo sebuleni. Baada ya wiki chache taa huanza kuzimika mapema na simu hazijai. Lawama huiangukia betri, ilhali kosa mara nyingi limo katika waya ulioongezwa.

Kila waya hupoteza sehemu ya nguvu ya umeme unaopita ndani yake, na hasara huongezeka kadiri waya unavyokuwa mrefu na mwembamba. Katika umeme wa stima wa volti 240, kupotea kwa volti mbili hakutambuliki. Katika sola ya volti 12, volti mbili ni tofauti kati ya betri kujaa na kutojaa.

Chukua mfano wa paneli ya wati 50 iliyo mita 20 kutoka kwa betri. Lebo yake husema volti 17.8 na ampea 2.8, lakini volti hizo hupimwa paneli ikiwa na joto la nyuzi 25. Juani paneli hufika nyuzi 45 au zaidi, hata penye baridi kama Kuresoi, na volti hushuka hadi 16.4 hivi. Umeme huenda na kurudi, kwa hivyo mita 20 za umbali ni mita 40 za shaba. Waya wa milimita mraba 0.75, ule mwembamba unaotumiwa kwa taa za mezani, hupoteza takriban volti 2.6 katika safari hiyo. Zinazobaki ni 13.8, ilhali betri ya asidi huhitaji karibu 14.4 ili ijae.

Asubuhi betri ikiwa tupu hupokea chaji bila shida, na mwenyewe huona mambo ni shwari. Inapokaribia kujaa, mkondo hufifia. Betri ya asidi isiyojazwa kwa wiki nyingi hujenga utando mgumu kwenye bamba zake na kufa mapema. Hata ikinunuliwa nyingine, nayo itapatwa na yayo hayo.

Kwa umbali huo, waya wa 2.5 hupoteza volti 0.8 pekee, na ule wa 4 hupoteza 0.5. Mnunuzi asidanganywe na unene wa plastiki. Asome kipimo kilichochapwa kwenye waya, kisha akwaruze ncha kwa kisu. Ikiwa ndani ni nyeupe, huo ni alumini iliyopakwa shaba, na hasara yake ni kubwa zaidi.

Urefu huo wote unafaa kuwa kati ya paneli na kidhibiti cha chaji. Kidhibiti chenyewe kikae karibu na betri, kwa kuwa kikiwa mbali husoma volti zilizo juu kuliko zile za betri na kupunguza chaji kabla ya wakati.

Maungio nayo yanaweza kuharibu kazi ya waya mzuri. Nyaya zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe huingiza unyevu, shaba ikageuka kijani na kuzuia umeme. Ndani ya nyumba, konekta ya plastiki yenye skrubu zilizokazwa sawasawa inatosha. Nje kwenye mvua panahitajika konekta za MC4, dume na jike za mtengenezaji mmoja, au kisanduku kisichopitisha maji. Fyuzi iwekwe karibu na betri, kwenye waya wa chanya.

Ili kutambua kosa liliko, mita hutumiwa mchana jua likiwaka na betri ikiwa bado haijajaa. Volti hupimwa kwenye paneli, kisha kwenye kidhibiti, bila kukata chochote. Tofauti inayozidi volti moja huonyesha kwamba waya ni mwembamba au ungio ni bovu. Ungio linaloshikwa likawa na joto ndilo la kwanza kushukiwa.

Vifurushi vidogo vyenye paneli ya volti 6 na plagi ya duara huhitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa volti zake ni chache na kila hasara huuma. Kukata plagi huweza kubatilisha dhamana, na kubadilisha chanya na hasi huweza kuunguza kifaa. Waya wa kuongezea wa mtengenezaji, au kuisogeza betri karibu na paneli, ni salama kuliko kuunga.