Kichwa Kimoja, Swali Moja

Tuseme unaandika makala ya kumwelekeza mkulima jinsi ya kuhifadhi mahindi kwenye mfuko usiopitisha hewa, ule wenye plastiki mbili ndani na kiroba nje. Waandishi wengi huanza na vichwa kama hivi: Utangulizi, Umuhimu wa Kukausha, Ufungaji, Changamoto. Mkulima ana maswali yake, na katika vichwa hivyo haoni hata moja.

Acha vichwa kwanza. Andika maswali kwa maneno ambayo mkulima mwenyewe angeyatamka: Nitajuaje mahindi yamekauka? Nitajuaje plastiki haijatoboka? Nafungaje? Naweza kufungua lini? Kisha yapange kwa mfuatano wa kazi. Swali la tundu litangulie lile la kufunga, maana hakuna atakayependa kumimina gunia zima chini ili akague plastiki.

Sasa chini ya kila swali andika jibu lake kwa kifupi. Hapa ndipo kasoro zinapojitokeza. Chukua kichwa "Kukausha na kupima unyevu". Hilo "na" limefunga maswali mawili pamoja, na mkulima ambaye mahindi yake yameshakaa juani atalazimika kupekua aya za turubai kabla ya kufika kwenye kipimo. Yatenganishe. Jibu la kipimo litasimama peke yake: tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa vizuri, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, yarudishwe juani. Isipoganda, unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi. Kwa kuwa kiwango kinachotakiwa ni asilimia 13.5, ni vyema kuyaanika tena kidogo.

Na maswali ya "kwa nini" je? Kwa maoni yangu, katika makala ya maelekezo yasipewe kichwa chao. Sababu iwekwe pale pale kwenye hatua inayoihusu. Kwamba mahindi mabichi yakifungiwa huota ukungu na huweza kupata sumukuvu, iseme chini ya swali la kukauka. Kwamba dumuzi hufa kwa sababu oksijeni huisha ndani ya mfuko, iseme chini ya "Naweza kufungua lini?", kwani hapo mkulima ataona mara moja kwamba kila akifungua anawarudishia wadudu hewa.

Swali likikosa jibu la kwake, lifute. Majibu mawili yakifanana, unganisha maswali yake.

Kabla hujaandika aya hata moja, msomee vichwa vyako mtu ambaye hajawahi kutumia mfuko huo, akuambie anatarajia kukuta nini chini ya kila kimoja. Akikisia tofauti na ulichokusudia, badilisha kichwa.