Ukumbi Umeingia Maji, Arubuni Ni ya Nani?

Pasaka ikipita, harusi za Wakristo zilizosubiri Kwaresima iishe hurudi kwa kishindo, na mara nyingi masika nayo ndipo yanapokuwa yamekolea. Wakazi wa Dar es Salaam wanajua maana yake. Mto Msimbazi ukijaa, barabara pale Jangwani hufungwa, na walio ng'ambo hii hawafiki ng'ambo ile.

Tuseme kamati ya harusi imekodi ukumbi mmoja bondeni kwa shilingi milioni 4 kwa ajili ya sherehe ya Jumamosi, na imetoa arubuni ya milioni 2. Alhamisi usiku mto unavunja kingo. Kunapokucha maji yako kiunoni ndani ya ukumbi, na viti vinaelea. Mwenyekiti wa kamati anapiga simu. Mwenye ukumbi anamjibu kwa upole, "Pole sana mama, hata mimi nimepoteza kila kitu. Ila arubuni hairudi, imeandikwa kwenye risiti."

Hapa watu wengi huanza kutafuta mkosaji. Sheria ya mikataba huanza na swali tofauti: je, kile kilichoahidiwa bado kinawezekana kufanyika?

Kesi iliyofungua njia hii ilihusu ukumbi vilevile. Mwezi Mei 1861, Taylor na mwenzake walikubaliana na Caldwell na mwenzake kuutumia ukumbi wa muziki wa Surrey Gardens, kusini mwa London, kwa matamasha manne, kila siku ikilipiwa pauni 100. Tamasha la kwanza lilipangwa Juni 17. Juni 11 ukumbi ukateketea kwa moto usiosababishwa na upande wowote. Taylor alikuwa ameshatumia fedha kwenye matangazo na maandalizi, akadai fidia. Mkataba haukusema lolote kuhusu moto.

Kabla ya hapo, mahakama za Kiingereza zilishikilia kwamba aliyeahidi ameahidi, na kama alitaka kujikinga na balaa angeliandika hilo kwenye mkataba. Mwaka 1863 Jaji Blackburn alikataa kuifikisha kanuni hiyo hadi kwenye majivu ya Surrey Gardens. Alisema pande zote mbili ziliingia mkataba zikichukulia kwamba ukumbi utakuwepo. Ulipotoweka bila kosa la mtu, wote waliachiliwa. Caldwell hakuwa amevunja mkataba, kwa hiyo hakulipa fidia, na gharama za matangazo zikabaki kwa Taylor.

Tanzania ina kanuni hiyo kwenye maandishi. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema kwamba mkataba wa kufanya jambo ambalo baadaye linakuwa haliwezekani hubatilika pale jambo hilo linaposhindikana. Kenya imepita njia nyingine: sheria yake ya mikataba, Sura ya 23, inaielekeza mahakama kwenye kanuni za mikataba za Uingereza, kwa hiyo kesi ya Taylor inasomwa huko kama sehemu ya sheria yenyewe.

Basi mkataba wa ukumbi wetu umekufa. Mwenye ukumbi hawezi kudai milioni 2 zilizobaki, na kamati haiwezi kumdai gharama za kadi za mwaliko. Lakini ile milioni 2 iliyokwishatolewa?

Uingereza ilihangaika na swali hili kwa miaka 40. Mwaka 1902 watu walikodi vyumba kando ya njia ya maandamano ya kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Mfalme akaugua, akafanyiwa upasuaji, na maandamano yakaahirishwa. Mmoja wa wapangaji alikuwa ametanguliza pauni 100 kati ya 141 na ushee. Kwenye kesi ya Chandler na Webster ya mwaka 1904, mahakama ilisema hasara ibaki ilipoangukia: asirudishiwe chochote, na zile 41 azilipe pia, kwa sababu zilitakiwa kulipwa kabla ya tukio. Uamuzi huo ulikuwa mkali kupita kiasi, na mwaka 1943 Bunge likatunga sheria ya kurudisha fedha zilizotangulizwa, huku mahakama ikiruhusiwa kumwachia mpokeaji sehemu ya gharama alizokwishatumia.

Kifungu cha 65 cha sheria ya Tanzania ni kifupi zaidi: mkataba ukibatilika, aliyepokea manufaa chini yake ayarudishe au ayafidie. Milioni 2 ni manufaa aliyoyapokea mwenye ukumbi, na kamati haijapata hata saa moja ya sherehe. Kwa hiyo kamati ina hoja nzito. Maneno "arubuni hairudi" kwa kawaida huandikwa kumbana mteja aliyebadili mawazo, si kumtoza mtu kwa ukumbi usiokuwepo, na kamati ishikilie tofauti hiyo.

Mpambaji ndiye anayesikitisha. Kama alishatundika vitambaa vyake Alhamisi mchana, vimeharibika. Kifungu kinazungumzia manufaa yaliyopokelewa, si hasara iliyopatikana, na kamati haikunufaika na vitambaa vilivyolowa matope. Huyu angehitaji makubaliano ya maandishi tangu mwanzo.

Mpishi yuko kwenye hali nyingine kabisa. Aliahidi kuwapikia wageni 300 siku ya Jumamosi. Kama mkataba wake haukufungwa kwenye ukumbi ule, na kamati imepata uwanja wa shule mtaa wa juu, anapaswa kupika, hata kama kusafirisha masufuria kutamgharimu zaidi. Ugumu si kushindikana. Hilo liliwapata wauzaji wa karanga za Sudan mwaka 1956. Walikuwa wameuza karanga za kupelekwa Hamburg kutoka Port Sudan, Mfereji wa Suez ukafungwa, wakakataa kupakia. Mahakama kuu kabisa ya Uingereza iliamua mwaka 1961 kwamba meli ingeweza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Safari ingekuwa ndefu na ghali, lakini karanga zingefika, na wauzaji wakalipa fidia.

Mwenye ukumbi naye ana mtihani wake. Ulinzi huu haumsaidii aliyejiletea balaa mwenyewe. Kama alijenga ukuta ulioziba mfereji wa maji ya mvua, au aliliacha pampu bovu akijua maji hupanda, kamati inaweza kusema amevunja mkataba, na hapo deni linavuka arubuni: linaweza kufika kwenye gharama ambazo kamati imeingia kwa sababu yake. Vilevile, ukumbi unaojaa maji kila masika unampa mwenye mali kazi ngumu ya kuieleza mahakama kwamba tukio hili halikutarajiwa. Picha za miaka iliyopita, tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa na barua ya serikali ya mtaa ndiyo mambo yatakayobishaniwa. Kamati iyakusanye wiki hiyohiyo, kabla matope hayajaoshwa.

Wanaosaini mkataba wa ukumbi leo wanaweza kuzuia sehemu kubwa ya ugomvi huu kwa sentensi chache: mafuriko, moto au amri ya serikali ikifunga ukumbi, mteja achague kati ya tarehe nyingine ndani ya muda uliotajwa na kurudishiwa arubuni, ikipunguzwa gharama zenye risiti tu, na itajwe siku ya mwisho ya kulipa.