Kosinisi ya degere 150: kwa nini triangili inatoa nusu ya jibu tu

Kijana mumoja wa kwetu mu kartie, mwenye kujitayarisha kwa Ekzetati, alituonyesha swali moja lililomukosesha pointi ku interro. Walimuuliza cos 150°. Akachora triangili yake vizuri, akasoma √3/2, akatafuta mu majibu ya kuchagua, akaikuta paka pale pale. Akaitia alama bila wasiwasi. Jibu la kweli lilikuwa mustari wa chini yake: −√3/2.

Namba ilikuwa sawa, ni alama tu iliyokosea. Na mwenye kutunga swali alijua kama wengi watafika pale, njo maana aliweka majibu yote mbili karibu karibu. Basi tuangalie ile alama inatoka wapi.

Tuanze na triangili yenyewe. Chukua triangili yenye pande tatu sawasawa, kila upande urefu wa 2. Ikate katikati, kutoka ncha ya juu mupaka chini. Unabaki na nusu yenye pembe za degere 30, 60 na 90. Upande mufupi ni 1, upande murefu kuliko zote (ipotenuzi) ni 2, na ule wa katikati ni √3, ni kusema karibu 1,73. Kosinisi ya degere 30 ni upande unaolala karibu na ile pembe, ukiugawanya kwa ipotenuzi: √3/2. Ni kama 0,866.

Sasa angalia tulichopima pale: marefu. Hakuna mutu anayepima mbao akasema iko na metre mbili chini ya ziro. Kwa hiyo kila kitu unachosoma ndani ya triangili kitatoka pozitifu, ukipenda usipende. Triangili haijui kusema negatifu.

Halafu kuko neno lingine. Pembe ya degere 150 haiwezi hata kuingia ndani ya triangili ya namna hiyo, sababu pembe moja imekwisha kukamata 90, na zile mbili zinazobaki zinagawana 90 tu. Sasa 150 inaenda kukaa wapi? Inakaa ku duara, ile walimu wanaita serkle ya trigonometri. Katikati ya duara, aksi mbili zinapitana: moja imelala, ingine imesimama. Umbali kutoka katikati mupaka ku ukingo ni 1. Unaanzia upande wa kuume, ku aksi inayolala, unazunguka kinyume cha mishale ya saa.

Tembea degere 90: uko juu kabisa. Endelea mupaka 150: umevuka kilele, unashuka upande wa kushoto, ungali juu ya aksi inayolala. Ile njo kadrani ya pili. Mbele ya kufika 180 kunabaki degere 30. Kutoka pale ulipo, shusha mustari ulionyooka mupaka ku aksi inayolala. Utaona triangili yetu ileile ya 30, 60, 90, lakini sasa imegeukia kushoto.

Hapo njo siri inapoonekana. Ku duara, kosinisi si urefu tena. Ni anwani: inasema uko mbali namna gani na katikati, na uko upande gani. Kuume ni pozitifu, kushoto ni negatifu. Triangili imetupatia umbali, √3/2. Duara inatuambia tuko kushoto. Ukiunganisha, unapata −√3/2. Sinisi yenyewe inahesabu kupanda na kushuka, na kwa sababu tuko juu, sin 150° inabaki 1/2 bila alama yoyote mbele yake.

Wengine wanakariri tablo ya alama kwa kila kadrani. Si mubaya, lakini siku ya mutihani tablo inapotea mu kichwa. Mwenye kuuliza «niko kuume ao kushoto, niko juu ao chini?» hana cha kusahau. Tanjanti peke yake njo inadanganya watu, sababu ni sinisi ukiigawanya kwa kosinisi. Ku degere 240 uko kushoto tena chini, zote mbili ni negatifu, na negatifu kwa negatifu inatoa pozitifu: tan 240° ni √3. Wengi wanaweka alama ya kutoa pale kwa kuona tu kama «tuko chini».

Lakini tusidanganyane: alama kuwa sawa haimaanishi kama jibu ni sawa. Mutu mumoja anatafuta sin 120°. Anasema: 120 inapita 90 kwa 30, basi nachukua sin 30°, ni 1/2, na kadrani ya pili sinisi ni pozitifu. Alama ni sawa kabisa, jibu si sawa. Alipima pembe yake tokea aksi inayosimama, kumbe inapaswa kupima tokea ile inayolala. Kutoka 120 mupaka 180 ni degere 60, kwa hiyo jibu ni √3/2. Kumutambua ni vyepesi ukichora: ku 120 uko karibu na kilele, sinisi inapaswa kukaribia 1. Nusu ni kidogo sana kwa mutu aliye juu vile.

Ile swali ya alama inafaa hata kwa kalkilatrisi. Ukiandika cos 150 ikakujibu 0,699, usiandike mbio mbio. Kushoto ya duara haiwezi kuwa pozitifu. Mashini haikuharibika. Iko inahesabu kwa radiani, haihesabu kwa degere. Ibadilishe, itakupa −0,866, ni kusema ile −√3/2 yetu.

Nani anapata hasara nje ya darasa? Fikiria mwenye kupima viwanja. Yeye anahesabu pembe yake tokea kaskazini, akifuata mishale ya saa, kwa hiyo kwake kosinisi inasema kaskazini ao kusini, na sinisi inasema mashariki ao mangaribi. Tuseme kutoka jiwe la kwanza mupaka jiwe la pili kuko metre 40, kwa pembe ya 150. Ile ni kati ya mashariki (90) na kusini (180). Sinisi inatoa metre 20 kuenda mashariki. Kosinisi inatoa −34,64, ni kusema metre 34,64 kuenda kusini.

Akisahau ile alama, jiwe linaenda metre 34,64 kaskazini, ndani ya kiwanja cha jirani, zaidi ya metre 69 mbali na pahali pake. Na ubaya ni huu: ukichukua metre ya kamba ukapima kutoka jiwe la kwanza, utapata 40 juste, sawa vile karatasi inasema. Kamba, sawa na triangili, inapima urefu tu. Ni kwa kusimama ku jiwe la kwanza na kuangalia kaskazini iko wapi njo utajua kama lile la pili limepandwa upande usiofaa.