Damu Inatosha, Nguvu Hazipo

Chukua mfano wa mwalimu wa shule ya msingi jijini Dar es Salaam, mwanamke wa miaka 32 anayekimbia kilomita sita alfajiri, mara nne kwa wiki. Kwa miezi kadhaa sasa miguu inamwia mizito kabla hajafika nusu ya njia. Akipanda ngazi kwenda darasani moyo unamwenda mbio, na jioni usingizi unamkamata juu ya madaftari. Anakwenda kupima na kuambiwa damu yake ni 12.4, inatosha, apumzike tu. Anapumzika wiki mbili. Uchovu uko palepale.

Kipimo hicho hakikukosea, ila kimejibu swali moja tu. Kimehesabu hemoglobini, yaani wekundu wa damu unaobeba hewa ya oksijeni. Kwa mwanamke asiye mjamzito anayeishi ukanda wa pwani, Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu wa damu kuanzia chini ya gramu 12 kwa desilita. Lakini hemoglobini hutengenezwa kwa madini ya chuma, na mwili huweka akiba ya madini hayo katika protini iitwayo feritini. Chuma kikipungua, mwili huanza kula akiba. Wekundu wa damu hushuka mwishoni, akiba ikiwa imekwisha kitambo. Katikati ya hatua hizo mbili ndipo alipo mwalimu wetu: damu yake inasoma vizuri, huku misuli, ambayo nayo huhitaji chuma ili kuzalisha nguvu, ikianza kupungukiwa.

Uchovu huu una dalili zake. Uchovu wa kawaida wa mazoezi huondoka ukilala vizuri siku mbili tatu. Huu hauondoki. Mwendo uleule uliokuwa mwepesi mwezi uliopita sasa unakutoa pumzi, na mapigo ya moyo yanapanda kuliko zamani. Nywele zinaweza kukatika zaidi, kichwa kikawa kizito, miguu ikakosa utulivu usiku. Wengine hupata hamu isiyoelezeka ya kutafuna barafu, mchele mbichi au udongo, ile pemba inayouzwa sokoni. Hamu hiyo isipuuzwe, wala isiridhishwe, kwa kuwa udongo wenyewe unaweza kuzuia chuma kingine kisiingie mwilini.

Kwa nini wanawake wa mazoezi? Hedhi ya kawaida hutoa mililita 30 hadi 40 za damu, na kila mililita ina takriban nusu miligramu ya chuma. Hiyo ni hadi miligramu 20 kila mwezi, juu ya kiasi kidogo ambacho kila binadamu hupoteza kila siku. Ukijumlisha, mwanamke anahitaji kufyonza karibu miligramu moja na nusu kwa siku ili asirudi nyuma. Mazoezi yanaongeza mahitaji: jasho hutoka na chuma kidogo, na kishindo cha nyayo barabarani hupasua baadhi ya chembe nyekundu. Zaidi ya hayo, baada ya mazoezi makali ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo hufunga mlango wa chuma kwenye utumbo. Homoni hiyo hufikia kilele kati ya saa tatu na saa sita baada ya kumaliza mazoezi.

Sasa tuangalie sahani ya mwalimu. Anamaliza kukimbia saa 12 na robo, anaoga, anakunywa chai ya rangi na kuwahi shule. Mlo wake wa kwanza wa maana ni wa saa nne: chapati, maharage na kikombe cha chai ya maziwa. Sahani hiyo ya maharage ina karibu miligramu nne za chuma, kiasi kizuri. Tatizo ni kile kinachoingia mwilini. Chuma cha nyama na samaki hufyonzwa kwa urahisi. Cha maharage, dengu, mchicha na nafaka hufyonzwa kwa shida, mara nyingi chini ya sehemu moja kwa kumi. Majani ya chai yana tanini zinazokamata chuma hicho. Chai ikinywewa pamoja na chakula inaweza kupunguza ufyonzaji kwa zaidi ya nusu, na kahawa nayo si ndogo. Maziwa yanazuia pia. Juu ya yote, saa nne ndiyo saa ambayo hepsidini yake iko juu.

Hahitaji kununua chakula kipya. Anahitaji kuhamisha vitu. Maharage yaliyobaki jana usiku ayapashe na kuyala saa 12 na nusu, mara tu baada ya mazoezi, kabla hepsidini haijapanda. Pembeni aweke chungwa au pera, kwani vitamini C hukibadilisha chuma cha mimea kiwe rahisi kufyonzwa. Chai ya saa nne abaki nayo, pamoja na andazi. Mchana na usiku, chai isogezwe walau saa moja mbali na chakula.

Kwenye ugali wa usiku, dagaa wachache ndani ya mchicha au matembele wanafanya kazi mbili: wanaleta chuma chao na kusaidia cha mboga kiingie. Kachumbari yenye ndimu iliwe mbichi, maana moto wa muda mrefu huharibu vitamini C. Maharage yalowekwe usiku kucha na maji yake yamwagwe. Uji wa wimbi uchachushwe, kwa kuwa uchachu huvunja fitati, kemikali ya nafaka inayoshikilia chuma. Kuhusu bitiruti, ambayo wengi huinywa ili kuongeza damu: rangi yake ni nyekundu, lakini chuma chake ni kidogo, hakifikii nusu ya kile cha maharage kwa uzito uleule.

Chakula hiki kinalinda akiba na kuijenga taratibu. Kikomo chake kijulikane. Mwombe daktari apime feritini pamoja na wingi wa damu. Kwa mtu mzima mwenye afya, feritini chini ya mikrogramu 15 kwa lita inaonyesha akiba imekwisha, na madaktari wengi wa michezo huanza kuchukua hatua ikiwa chini ya 30 hivi. Usipime ukiwa na malaria au homa, kwa sababu ugonjwa huipandisha feritini na kuficha upungufu. Anayeishi nyanda za juu kama Eldoret akumbuke kwamba 12.5 inayotosha pwani haitoshi huko, kwa kuwa hewa nyepesi hudai wekundu zaidi.

Akiba ikiwa imekwisha, vidonge vitahitajika, na daktari anaweza kushauri vimezwe siku moja na kurukwa siku moja, maana utumbo hufyonza vizuri zaidi hivyo. Usivianze kwa kubahatisha, hasa ukiwa na selimundu. Na kama hedhi inazidi siku saba, inatoka na mabonge, au inajaza pedi kila baada ya saa moja au mbili, hakuna sahani itakayofidia. Hapo chanzo ndicho kinachotafutwa: uvimbe kwenye kizazi, au hata minyoo ya safura inayonyonya damu kimyakimya.

Baada ya miezi mitatu, rudia kipimo cha feritini. Ikiwa imepanda, endelea na mpangilio wako. Ikiwa imebaki palepale licha ya chakula na vidonge, kuna mahali damu inavuja au utumbo haufyonzi, na hilo ndilo swali la kumpelekea daktari.