Uvimbe wa Shingoni Usiopungua: Sindano Kabla ya Kisu

Uvimbe unaotokea shingoni wakati wa mafua au jino bovu kwa kawaida hupungua wenyewe. Ule unaobaki kwa mtu mzima zaidi ya wiki mbili bila kupungua ni jambo jingine, nao hautibiwi kwa kubahatisha. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, kama kwingineko nchini, chanzo kimojawapo kinachokutwa mara nyingi ni kifua kikuu cha tezi. Vingine ni saratani, maambukizi ya Virusi vya UKIMWI na rovu. Kwa macho, vyote hivyo vyaweza kufanana.

Tuchukue mfano tulioutunga. Mkulima wa Rulenge, mwenye umri wa miaka 46, ana uvimbe upande wa kulia wa shingo kwa wiki saba. Amekwisha kununua dawa za antibiotiki dukani mara mbili, na jirani amemshauri akatwe usaha utoke.

Mganga makini huanza kwa maswali. Uvimbe ulianza lini, na unakua? Je, kuna homa za jioni, jasho la usiku au kupungua uzito? Nyumbani yuko mtu mwenye kifua kikuu? Hali ya maambukizi ya VVU inajulikana? Kisha huuliza kuhusu tumbaku na pombe, sauti iliyokwaruza, shida ya kumeza, maumivu ya sikio moja na damu ya pua ya upande mmoja. Maswali haya ya mwisho hutafuta saratani iliyojificha mdomoni au kooni, ambayo dalili yake ya kwanza huweza kuwa uvimbe wa shingoni tu.

Baada ya hapo hupima kwa mikono. Uvimbe unaopanda mgonjwa anapomeza mate huelekea kuwa wa tezi ya kikoromeo, yaani rovu. Uvimbe mgumu, uliogandamana na usiosogea, huongeza shaka ya saratani. Uchunguzi haujakamilika iwapo hajaangalia mdomo, koo, kwapa na kinena.

Mkulima wetu anatokwa jasho usiku na amepungua uzito. Kipimo cha altrasaundi kinaonyesha tezi kadhaa zilizoshikana, na picha ya kifua inapigwa pia. Hata hivyo, picha huonyesha umbo na mahali; mara nyingi haitoshi kutaja ugonjwa. Kinachotaja ni sampuli.

Sampuli ya kwanza huchukuliwa kwa sindano nyembamba. Mgonjwa hulala, ngozi husafishwa, sindano huingizwa kwenye uvimbe na kuvuta chembe chache. Kazi huchukua dakika chache, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Sehemu ya sampuli hupakwa kwenye kioo ili isomwe kwa hadubini. Sehemu nyingine hupimwa kifua kikuu kwa mashine ya GeneXpert, ambayo hutoa jibu kwa takriban saa mbili. Kwa mkulima wetu, mashine inaonyesha vimelea vya kifua kikuu. Anaanza dawa za miezi sita, zinazotolewa bila malipo. Tezi zaweza kuvimba kwa muda katikati ya matibabu. Hilo pekee si sababu ya kuacha dawa, bali ni la kumweleza mganga.

Kwa nini kisu kisitangulie? Tezi ya kifua kikuu ikipasuliwa huweza kuacha kidonda kinachovuja kwa miezi. Ikiwa ni saratani iliyotoka kooni, mkato wa pupa hutatiza upasuaji wa baadaye.

Sindano ina mipaka yake. Jibu lisiloonyesha ugonjwa halimaanishi kwamba haupo, kwa kuwa huenda sindano ilikosa mahali penyewe. Uvimbe ukibaki, sampuli irudiwe, au tezi nzima iondolewe hospitalini na kupimwa. Saratani ya tezi za limfu mara nyingi huhitaji njia hii ya pili.

Mteja wa huduma za afya ana haki ya kuuliza: Mnashuku nini? Sampuli itachukuliwa lini? Nani ataisoma, na majibu nitapata lini? Kwa kuwa safari ya Bukoba au Hospitali ya Bugando jijini Mwanza ina gharama, uliza kama kioo chenye sampuli kinaweza kusafirishwa badala yako. Omba nakala ya majibu na uitunze.

Usisubiri miadi ukikosa pumzi, ukikoroma unapovuta hewa au ukishindwa kumeza mate. Nenda hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo.