Chai ya Msiba Juba: Namna ya Kukadiria Majani, Sukari na Maziwa

Turubai linapofungwa uani na viti vya plastiki kupangwa, nyumba iliyofiwa mjini Juba huwa na saa chache tu kabla ya wageni wa kwanza kufika. Wenyeji wa mji huuita mkusanyiko huo bika, kwa Kiarabu cha Juba. Wasemaji wa Kiswahili waliotoka Uganda, Kenya na Kongo huuita matanga. Kwa jina lolote, kinachotangulia kuwekwa mbele ya mgeni ni chai, na sukari inapokwisha jioni ya siku ya pili kila aliyeketi hujua. Ndugu mmoja hutumwa kwenye kioski cha karibu kununua robo robo kwa bei ya rejareja, na gharama yake hudaiwa familia ambayo tayari imekopa kwa ajili ya jeneza na usafiri.

Kosa la kwanza hutokea mapema, pale wanakamati wanapozidisha idadi ya waombolezaji kwa kikombe kimoja. Idadi inayojulikana ni ya watu, lakini kinachonunuliwa ni vikombe. Mtu anayekuja kutoa pole na kuondoka hunywa kimoja. Anayelala msibani hunywa viwili asubuhi na viwili tena jioni. Kwa hiyo swali la kuulizwa kwanza ni wangapi watalala.

Tuseme familia moja ya mtaa wa Gudele inatarajia watu 120 kila siku kwa siku tatu, na 40 kati yao watalala hapo. Asubuhi wale 40 wanapewa chai ya maziwa, vikombe viwili kila mmoja: jumla 80. Jioni wanapewa chai ya rangi, viwili tena kwa waliolala na kimoja kwa kila mmoja wa wale 80 wengine: jumla 160. Kikombe cha kawaida cha msibani, kisipojazwa hadi ukingoni, huchukua takriban mililita 200, yaani vikombe vitano kwa lita. Hivyo asubuhi zinahitajika lita 16 na jioni lita 32. Ni vyema kukipima kikombe chenyewe kwa chupa ya maji ya nusu lita kabla ya kuanza hesabu, kwa sababu bilauri ndogo za Kisudani na vikombe vikubwa vya bati hutofautiana sana, na tofauti hiyo hubadilisha kila kinachofuata.

Majani ndiyo sehemu rahisi. Majani ya punje yanayotoka Kenya na Uganda hukolea upesi yakichemshwa. Gramu 10 kwa lita zinatosha chai ya maziwa, na gramu 6 zinatosha chai ya rangi. Kwa familia hii ni gramu 160 asubuhi na kama 190 jioni, yaani zaidi kidogo ya kilo moja kwa siku zote tatu.

Sukari ndiyo inayovuruga mipango. Juba hupenda chai tamu, na vijiko vitatu kwa kikombe si jambo la ajabu. Lakini kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba takriban gramu 4, ilhali kilichojazwa kwa kilima huweza kufika gramu 6 au 7. Vikombe 240 vya siku moja, kwa vijiko vitatu vilivyosawazishwa, hutumia chini kidogo ya kilo 3. Kwa vijiko vya kilima, vikombe hivyo hivyo hukaribia kilo 5. Kwa siku tatu, tofauti hiyo hufikia karibu kilo 6, na hakuna mgeni hata mmoja aliyeongezeka. Hapo ndipo wengi husema kuwa sukari imeibwa, na mara nyingine msichana aliyekuwa jikoni hulaumiwa bure.

Wapishi wenye uzoefu hawaweki bakuli la sukari mezani. Huipima na kuitia ndani ya sufuria: gramu 75 kwa lita, sawa na gramu 15 kwa kikombe, utamu ambao wengi wataukubali. Kwa lita 48 za siku ni kilo 3 na gramu 600, na kwa siku tatu ni karibu kilo 11. Ikiongezwa kilo moja ya akiba, familia hununua kilo 12 na hesabu hukamilika. Kabla ya sukari kutiwa, chupa moja ya chai hujazwa na kuwekwa kando kwa wenye kisukari, kwani katika kundi la watu 120 huenda wakawapo, na mzee hapendi kutangaza ugonjwa wake mbele ya watu.

Kuhusu maziwa, theluthi moja ya sufuria inatosha, na kwa lita 16 hiyo ni lita tano na nusu hivi. Nyumba nyingi hutumia maziwa ya unga, ambayo kwa joto la Juba ni chaguo la busara. Gramu 125 za unga hutoa takriban lita moja, hivyo zinahitajika kama gramu 700 kwa asubuhi moja na kilo 2 na kidogo kwa siku tatu. Unga hukorogwa kwanza katika maji ya vuguvugu hadi mabonge yaishe, ndipo humiminwa. Ukitupwa moja kwa moja kwenye maji yanayochemka hushikamana, hushuka chini na kuungua, na harufu hiyo haitoki tena.

Maziwa mabichi yaliyosafirishwa bila barafu yana hatari nyingine. Yanaweza kuonekana mazima kwenye dumu, kisha yakakatika mara tu yanapopata moto. Kinga yake ni kuchemsha kikombe kimoja pembeni kwanza. Kikikatika, ni maziwa kidogo tu yaliyopotea, wala si sufuria nzima pamoja na majani na sukari yake. Tangawizi mbichi nayo hukata maziwa, basi huchemshwa vizuri katika maji kabla maziwa hayajaingia.

Sufuria pana iliyo wazi hupoteza mvuke, na majani hunyonya maji. Anayetaka lita 32 aanze na 35 au 36. Dumu la lita 20 ni kipimo kizuri, maana kila nyumba inalo: madumu mawili kasoro lita nne au tano hutosha chai ya jioni. Yanayobainika kupungua yaongezwe yakiwa yamechemka, wala yasitoke moja kwa moja kwenye pipa la maji ya lori.

Jambo moja hupunguza gharama kuliko hesabu yote hii: kutonunua vya siku tatu kwa mkupuo. Majirani na wanakanisa huja na sukari na majani kama sehemu ya rambirambi, na mara nyingi huingia kwa mlango wa nyuma bila kuandikwa. Mtu mmoja mwenye daftari jikoni, anayepima kilichoingia kila jioni kabla ya kupanga manunuzi ya kesho, huweza kuokoa nusu mfuko. Sukari na majani yaliyobaki hufungwa katika chombo kikavu na kungojea arobaini. Chai ya maziwa iliyobaki haingoji: ikilala usiku mmoja katika joto hilo, humwagwa asubuhi.